Jumatatu Unaripoti Wapi?

Nilialikwa kwa sababu ya kadi. Ilikuwa kadi ya plastiki yenye picha yangu, jina la kampuni ya bima na utepe wa buluu wa kuning'iniza shingoni. Kwa miezi tisa niliivaa kutoka mlangoni pangu Kawangware mpaka mjini, na kutoka mjini mpaka mlangoni pangu, ingawa mlinzi wa ofisi pekee ndiye aliyehitaji kuiona. Niliivaa nikinunua sukuma wiki. Niliivaa nikiwa kwenye foleni ya maji, nikiwa na mtungi wa lita ishirini mkononi, ili wenzangu wa foleni wajue kwamba mtungi huo unabebwa na mtu muhimu.

Ofisini kazi yangu ilikuwa kunakili. Watu walipata ajali, wakajaza fomu kwa mkono, nami nikaziingiza fomu hizo kwenye kompyuta. Mguu uliovunjika, kisanduku cha nne. Gari lililogongwa ubavuni, kisanduku cha saba. Jioni nilirudi nyumbani kuandika riwaya yangu kuhusu mvua na mabati, na siku za Jumamosi niliwasomea kurasa zake wenzangu wanaopenda fasihi, katika mkahawa mmoja mjini ambako kahawa moja hunywewa kwa saa tatu. Wote tuliandika kuhusu uchungu wa kazi, hasa wale ambao hawakuwa nayo.

Mkataba ulikuwa wa miezi mitatu. Ukaongezwa mara mbili. Mara ya tatu bosi aliniita, akanisifu kwa dakika kumi nzima, akasema, "Tutakupigia." Mtu yeyote wa Nairobi anajua maana ya sifa za dakika kumi. Hawakuniomba kadi, nami sikuwakumbusha.

Miezi minne baadaye, rafiki yangu wa shule ya msingi alinipigia simu. Anauza mayai ya kuchemsha na soseji kwenye toroli huko Kibera, upande wa Kianda, na ni mwenyekiti wa kikundi cha vijana kinachokutana katika jengo la kanisa la mabati.

"Niaje, mtu wa ofisi," alisema. "Jumamosi tuna mazungumzo. Vijana wamemaliza shule, wanakaa tu kwa mawe. Tunataka waskie pande zote. Nimepata fundi wa mabomba, nimepata mama wa omena. Sasa nimebakiza mtu wa ofisi."

Hapo ndipo mtu mwaminifu angesema: mimi si mtu wa ofisi tena. Mimi nilisema, "Saa ngapi?"

"Saa nane. Na ukumbuke kubeba kifaa."

Kikundi hicho kina sheria moja ambayo sijaiona kwingine. Hakuna mgeni anayezungumza bila kuleta kifaa cha kazi yake, na kifaa hicho lazima kipite mkono kwa mkono, safu kwa safu, mpaka kirudi mezani. Sheria ilitungwa baada ya bwana mmoja mwenye suti kuwahutubia kwa saa mbili kuhusu kuagiza bidhaa ng'ambo. Vijana kadhaa walimpa ada ya kujiunga, naye hakuonekana tena. Baadaye walipokaa wakakumbuka, waligundua kwamba hawakuwahi kumwona na kitu chochote isipokuwa kalamu. Tangu siku hiyo, mgeni asiye na kifaa anakunywa soda yake na kwenda nyumbani.

Nilipiga pasi shati. Nikavaa kadi.

*

Kanisa lilikuwa na joto la sufuria. Mabati juu, mabati kando, na vijana wapatao arobaini kwenye viti vya plastiki, wengine wakiwa wamekaa wawili kwa kiti kimoja. Mbele palikuwa na ubao ambao mwenyekiti alikuwa ameuchorea safu tatu: UFUNDI, BIASHARA, OFISI. Chini ya kila moja aliacha nafasi ya faida na hasara. Alikuwa ametumia rula. Maisha yetu yalipangwa vizuri sana pale ubaoni.

Kabla hatujaanza alinivuta kando, akanionyesha msichana wa safu ya mbele, aliyevaa sweta ya kijani na kukaa wima kama anayesubiri kuitwa na daktari.

"Huyo ni katibu wetu," alinong'ona. "Anaishi Soweto East, hapa hapa Kibera. Jumatatu lazima aamue. Shangazi yake amemtafutia nafasi ya mapokezi, ofisi moja huko tao, katikati ya mji. Mama yake anataka amsaidie kwa kibanda cha nguo. Na fundi hapa amesema anaweza kumchukua afunze kazi. Wote wanamtaka Jumatatu hiyo hiyo. Amesema atawaskia leo halafu aamue. Kwa hivyo usilete mashairi yako."

Nilicheka. Moyoni nilifurahi. Mtu kuweka maisha yake mezani ili niyapange, kwangu ilikuwa heshima ndogo tu niliyostahili.

Mama wa omena alianza. Anauza Kisumu Ndogo, mtaa wa hapo hapo Kibera, mwanamke mpana mwenye leso mbili na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na spika za baa. Aliweka mezani gorogoro, lile kopo la bati la kilo mbili linalotumika kupimia nafaka na samaki, akakaa bila kungoja kukaribishwa.

"Mimi sina hotuba," alisema. "Naamka saa kumi, naenda soko kubwa, nanunua gunia, narudi nalo, nauza. Mvua ikinyesha huko ziwani, omena inakuja na mchanga, haijakauka. Mteja anakutukana wewe, si mvua. Askari wa kaunti wakija unafunga leso unakimbia, kama hujalipia leseni. Mtoto akiugua, unakula mtaji. Si faida, mtaji. Halafu unaanza tena. Lakini hakuna mtu ananiambia 'kuja kesho'. Hiyo tu."

Wakati akisema, gorogoro lilikuwa limeshaanza safari yake. Lilipofika safu ya tatu, kijana mmoja aliligeuza, akaingiza ngumi ndani, akacheka.

"Mathe! Hii gorogoro imepigwa ngumi chini!"

Kweli kitako cha kopo kilikuwa kimebonyezwa kuelekea ndani, kilima kidogo ambacho humla mteja kiganja cha omena kila akipimiwa. Kanisa lote lililipuka.

"Nyathina," mama alisema bila kupepesa, kwa lugha ya kwao, kama anayeongea na mwanawe, "uliniuliza kifaa cha kazi. Hicho ndicho kifaa. Ungetaka ya kupigia picha ungesema." Alingoja kicheko kipungue. "Jirani zangu wote zao zimebonyea. Mimi nikiuza iliyonyooka, bei yangu inaonekana iko juu, naenda nyumbani na gunia. Andikeni hiyo kwa hasara."

Msichana wa sweta ya kijani aliandika. Nilitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu msafi.

Fundi akafuata. Mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenyeji wa magharibi mwa Kenya, mikono yenye makovu madogo ya kuungua. Alileta renchi kubwa nyekundu, rangi imechubuka, mpini umeunganishwa kwa weldingi.

"Ufundi ni mzuri," alisema akiutazama ubao, si watu. "Choo kikiziba, hata tajiri anakuita boss. Kazi iko, zile gorofa zote mnaona zikipanda zina mabomba. Mwenye nyumba ananunua vifaa, wewe unalipwa mkono wako. Ukikosea kipimo, unanunua bomba lingine na pesa yako. Maji yakivuja ukishaondoka, unarudi bure. Hivyo ndivyo jina linajengwa."

"Umejifunza miaka ngapi?" msichana aliuliza.

"Sita."

"Chuoni?"

"Chuo gani? Nilifuata fundi mwingine. Nilikuwa nabeba boksi lake."

Renchi ilikuwa imefika kwa msichana. Aliipima uzito, akaigeuza chini ya mwanga wa mlango. "Hapa kumechorwa jina. Si jina lako."

"Ni la huyo mwalimu wangu. Siku nimeachana naye alinipatia." Fundi alikuna shingo. "Ningemaliza miaka miwili. Lakini hakutaka nifanye ule mtihani wa ufundi wa serikali, grade three. Alisema nitatoroka nikipata cheti. Nami mpaka leo sina. Kazi kubwa za mjengo wanauliza cheti. Kwa hivyo napatiwa kazi na mwenye cheti, anakula kipande, mimi nabaki na kipande."

Mwenyekiti aliandika neno CHETI kwenye ubao bila kujua aliweke faida au hasara, akaliacha katikati ya mstari.

*

Kisha nikasimama mimi.

Ningependa kusema niliongea kidogo. Niliongea kama nimelipwa kwa neno. Nilisema ofisi ni mahali ambapo akili hupata kivuli. Nilisifu madirisha makubwa na mji ukilala chini yake kama shuka lililokunjuliwa. Nikasema mshahara unakuja mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, kopo libonyee lisibonyee. Watu walicheka, na kicheko hicho kilinipeleka mbali zaidi. Nilisema mtu akikaa ofisini hujifunza kuvaa, kusema, kuandika barua, na milango hufunguka. Nilimtazama msichana moja kwa moja. Nilimwona akiandika, kalamu ikikimbia, na kwenye daftari lake safu ya tatu ilikuwa ndefu kuliko nyingine zote.

"Kifaa," mwenyekiti alinikumbusha.

Nilivua kadi shingoni taratibu, kama anayevua nishani, nikampa kijana wa kwanza.

Labda mtauliza kama sikujua kilichoandikwa nyuma yake. Nilijua. Lakini kwa miezi minne nilikuwa nimeonyesha upande wa mbele tu, na hakuna mlinzi, muuza mboga wala mwenye nyumba aliyewahi kuigeuza. Mtu akiishi na upande mmoja wa kitu kwa muda mrefu, hufika mahali akaamini kwamba hakina mwingine.

Kadi ilianza kupita safu ya kwanza. Wengine waliivaa wakapigwa picha na simu. Mmoja alisema, "Maze, hapa unakaa ni kama umeshiba." Ikafika kwa msichana. Yeye hakuivaa. Aliigeuza.

"Hapa imeandikwa mfanyakazi wa muda," alisema. Si kwa sauti kubwa. Hakuhitaji. "Na imeandikwa mwisho ni mwezi wa tatu. Sasa ni mwezi wa saba."

Joto la mabati lilishuka lote likanikalia kichwani.

"Watanipa nyingine," nilisema.

"Lini?"

"Walisema watanipigia."

Mama wa omena aliguna. Ilikuwa guno fupi, lakini ndani yake mlikuwa na hotuba yangu yote, imekaushwa na kufungwa kwenye gazeti.

"Kwa hivyo," kijana wa safu ya tatu alisema, yule aliyeingiza ngumi, "hata hii imebonyezwa chini."

Walicheka mpaka mwenyekiti akagonga ubao. Mimi pia nilicheka, kwa sababu uso ulihitaji kufanya kitu. Msichana peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama kwa hasira tulivu ya mtu aliyekuwa hatua moja kutoka barabarani akashikwa mkono.

"Kaka," alisema, "mimi Jumatatu naenda mahali. Nilikuwa nimeshaamua mapokezi. Juu ya maneno yako. Sasa niambie vizuri. Miezi ya kwanza, ulikuwa unakula nini?"

Hapo hapakuwa na nafasi ya madirisha wala shuka. Nikamwambia. Miezi mitatu ya mwanzo, kabla ya ule mkataba, walituita wanagenzi, na wanagenzi hawakulipwa. Nilitembea kutoka Kawangware mpaka ofisini na kurudi, viatu vya ofisi ndani ya mfuko wa plastiki, nikibadilisha nyuma ya kibanda cha gazeti. Dada yangu wa Machakos alinitumia unga. Mashati niliyonunua ili nifanane na ofisi yalikula kila nilichokopeshwa. Ile kazi yenyewe nilijifunza kwa siku mbili. Siku nyingine zote nilikuwa nangoja. Mshahara ulikuja mwisho wa mwezi, hilo halikuwa uongo. Ila nilisahau kuwaambia kwamba mwisho wa mwezi una mwisho wake.

"Na hiyo ya shangazi yangu? Ya mapokezi?"

"Wamekupa barua?"

"Wamesema nije tu Jumatatu, tutaona."

"Inalipwa?"

"Wamesema nitapata ekspiriensi."

"Uliza kama kuna barua, ni ya muda gani, na kama kuna nauli," nilisema. "Wakisema tutaona, basi umeshaona."

Ilikuwa sentensi ya kwanza yenye faida niliyoitoa siku hiyo, na nilichelewa nayo dakika ishirini.

Msichana alisimama, akaenda kwenye ubao. Alimwomba mwenyekiti chaki, akachora mstari mpya chini ya faida na hasara, bila rula. Akaandika: NANI ANANILISHA NIKINGOJA. Kisha akageuka na kuanza kuwauliza wageni mmoja mmoja, kama karani wa mahakama.

"Mathe, kwa kibanda?"

"Mama yako. Na siku mbaya, hakuna," mama alijibu. "Lakini kibanda hakihami, nyathina. Hata mwaka ujao kitakuwa hapo."

"Fundi?"

"Nakupea lanchi na nauli," fundi alisema. "Ukishajua kukata na kuunganisha, nakulipa kama helpa. Kidogo kidogo."

"Na boksi nitabeba miaka mingapi?"

Fundi alicheka. Alipoona hakuna aliyecheka naye, akaacha.

"Nauliza kweli," alisema msichana. "Mwalimu wako alikuweka sita. Wewe utaniweka ngapi?"

"Si mimi nimesema nitakufunza?"

"Hata yeye alisema."

Mama wa omena alipiga paja. "Mjibu mtoto!"

Fundi aliichukua renchi yake, akapitisha kidole gumba juu ya jina la yule mtu mwingine. Nafikiri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anataka tu mtu wa kumbebea boksi, na mtu huyo alikuwa amekuja na maswali.

"Mwaka," alisema mwishowe. "Mwaka moja, halafu unaenda kufanya grade three. Nitakuandikisha mimi mwenyewe."

"Iandikwe," alisema msichana.

"Iandikwe wapi?"

"Kwa kitabu cha kikundi. Upige sahihi na tugonge muhuri."

Vijana walishangilia kama bao limeingia. Kikundi hicho kina muhuri wa mpira wenye mviringo na kinauheshimu kuliko bendera. Kimeugonga kwenye barua za kuomba viti, za kuomba mpira, na za kulalamikia mtaro. Lakini mwenyekiti aligundua tatizo. Katibu ndiye aliyepaswa kuandika, na katibu ndiye huyo msichana. Hawezi kujiandikia mkataba wake mwenyewe.

Macho yote yakanirudia.

"Si huyu ni mtu wa ofisi," alisema mama wa omena. "Aandike. Au hata kuandika alisimamishwa mwezi wa tatu?"

Niliandika. Niliweka daftari juu ya meza, kati ya gorogoro na kadi, nikaandika sentensi nane ambazo sitawahi kuzisoma katika mkahawa wowote. Fundi anamchukua mwanafunzi kuanzia Jumatatu saa moja asubuhi. Fundi anampa chakula cha mchana na nauli. Kabla ya mwaka kuisha anamwandikisha mtihani wa ufundi. Mwanafunzi hatapewa kazi ya kubeba boksi tu kwa zaidi ya mwezi mmoja. Hapo fundi alipinga, wakabishana, tukaandika miezi miwili. Kila sentensi msichana aliisoma kwa sauti, na mara moja aliniambia, "Toa hilo neno 'ikiwezekana'." Nikalitoa. Riwaya yangu haijawahi kupata mhariri wa namna hiyo.

Walitia sahihi. Muhuri ukagongwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haukutoka vizuri. Msichana alisema atampigia mama yake jioni na shangazi kesho baada ya ibada, wakati shangazi ana roho nzuri. Kisha akanirudishia kadi, upande wa nyuma ukiwa juu.

"Na wewe, kaka," aliuliza, "Jumatatu unaripoti wapi?"

Hakukuwa na kejeli katika swali hilo. Ndiyo maana lilinichoma. Nilifungua mdomo, na kabla sijatunga chochote mwenyekiti alinipa soda.

*

Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa uani Kawangware nikifua lile shati la ofisi. Simu ikalia. Mwenyekiti alikuwa ametuma picha bila maneno. Ndani yake, chini ya sinki la jikoni mwa gorofa fulani, ilionekana miguu miwili iliyovaa gambuti kubwa kupita kiasi, na mkono mmoja wenye sweta ya kijani umetoka nje ukidai kitu. Kando ya gambuti kulikuwa na boksi la vifaa, na aliyekuwa amechuchumaa kulipekua, uso umekunjamana, alikuwa fundi.

Mlinzi wa ploti tunayopanga alipita na ndoo. Kwa miezi minne ameniita bosi, na kwa miezi minne nimeitika.

"Bosi, leo ofisi hakuna?"

Nilikamua shati, nikalitundika kambani.

"Hakuna," nilisema. "Tangu mwezi wa tatu."

Alisimama, akanitazama, akaiweka ndoo chini.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nangoja useme. Kuna jamaa anafunza sekondari pale chini, anatafuta mtu wa kumchapia mitihani. Nimpee namba yako?"